Somo: Kutambua akalasia kwenye picha za bariamu, na kutoichanganya na saratani

Kenya saratani ya umio ni ya kawaida, hasa kwa wagonjwa wanaotoka Bonde la Ufa, na baadhi yao huletwa kupimwa Nairobi. Akalasia, ugonjwa wa lango la chini la umio kutolegea, nayo huubana umio palepale. Kwa hiyo ukiona umio umebana pale chini, kutaja mdomo wa ndege, yaani bariamu inayochongoka kuelekea langoni, hakutoshi. Lazima ujue ni mdomo wa namna gani. Somo hili ni la wapiga picha na madaktari wa zamu wanaosimama mbele ya skrini ya floroskopi.

Tumchukue mgonjwa mmoja wa mfano. Ni mama wa miaka 34, muuza mitumba Gikomba, ambaye kumeza kumemsumbua kwa miaka 2. Ametumia dawa za asidi bila nafuu. Usiku chakula cha jioni humrudia mdomoni, hakina uchungu wala uchachu, na akilala chali anakohoa.

Hatua ya kwanza: muulize, halafu tazama eksirei ya kifua

Muulize kama chai ilianza kukwama pamoja na ugali. Saratani huziba njia kidogo kidogo, kwa hiyo mgonjwa hushindwa nyama na ugali kwanza, halafu uji, na mwisho maji. Kwenye akalasia vigumu na majimaji husumbua pamoja tangu mapema, kwa sababu seli za neva zinazouambia msuli wa lango la chini la umio ulegee zimekufa. Lango linabaki limekaza hata kwa funda la chai. Mama wetu alijibu kwamba chai ndiyo iliyomtia wasiwasi kwanza.

Kwenye eksirei ya kifua iliyopigwa akiwa amesimama, tafuta kile kiputo cha hewa cha tumbo chini ya kiwambo upande wa kushoto. Kwake hakikuwepo, na nyuma ya moyo palikuwa na mstari ulionyooka wa maji na hewa. Hayo ni mate na chakula vilivyosimama ndani ya umio.

Hatua ya pili: maandalizi

Asile chochote tangu usiku. Ikiwa umio unaonekana mpana sana kwenye eksirei, ni afadhali siku ya kutangulia anywe majimaji tu, maana mabaki ya githeri ndani ya bariamu yanaweza kukuonyesha uvimbe ambao haupo. Tumia bariamu nyepesi. Funda la kwanza liwe dogo, na ufuatilie kama linaelekea kwenye njia ya hewa.

Hatua ya tatu: mlaze, ameze funda moja moja

Hapa ndipo watu huharakisha, na ndipo jibu linapopotea. Akisimama, bariamu inashuka kwa uzito wake na huwezi kujua kama umio unafanya kazi. Mlaze kifudifudi, upande wa kulia wa kifua ukielekea mezani, ameze funda moja, kisha asimeze tena hadi umwambie. Akimeza mara mbili mfululizo, funda la pili hulisimamisha wimbi la la kwanza, nawe utaandika kwamba hakuna wimbi kumbe umelizima wewe. Subiri nusu dakika, umpe jingine, hadi mafunda 5.

Umio mzima huonyesha wimbi linalosukuma mkia wa bariamu kutoka juu hadi tumboni. Kwa mama wetu hakuna funda hata moja lililosukumwa. Bariamu iliyumba ndani, ikaenda chini na kurudi juu, huku ukuta ukitetemeka hapa na pale bila mpango.

Hatua ya nne: msimamishe, utazame lango

Mgeuze kidogo ili umio usikae juu ya uti wa mgongo. Pima upana kwa kifaa cha ukubwa unaojulikana kilichowekwa kwenye picha, kwa kuwa floroskopi hukuza vitu. Umio wa kawaida ukijaa huwa na upana wa takriban sentimita 2. Wa mama huyu ulikuwa 5.5.

Sasa shuka langoni, usiondoe macho. Mdomo wa ndege wa kweli huchongoka taratibu, pande zote mbili sawa, ukuta laini, na sehemu iliyobana ni fupi. Kwake ilikuwa sentimita 2. Endelea kumnywesha huku nguzo ya bariamu ikipanda. Ikifika urefu fulani, uzito wake hulishinda lango, mdomo unafunguka ghafla, bariamu kidogo inaruka tumboni, kisha lango linafunga tena. Kuona hivyo kunakupa moyo kwamba ukuta bado unanyumbuka. Uvimbe huwa mgumu, haufunguki hivyo.

Kinachonitia shaka ni pembe iliyosimama kama bega, upande mmoja kuliwa kuliko mwingine, ukuta wenye vinundu, au sehemu iliyobana kuzidi sentimita 3.5. Vilevile mzee wa miaka 60 na kitu aliyeanza kushindwa kumeza miezi 3 iliyopita, amekonda sana, na umio wake haujapanuka kiasi hicho. Akalasia huchukua muda mrefu kuupanua umio.

Hatua ya tano: saa

Akiwa amesimama, mpe kati ya mililita 100 na 250 anywe kwa muda usiozidi dakika moja, kadiri anavyoweza bila kutapika. Andika kiasi alichokunywa. Piga picha dakika ya 1, ya 2 na ya 5, upime urefu wa nguzo kuanzia langoni. Nguzo inayozidi sentimita 5 kwenye dakika ya 1, au 2 kwenye dakika ya 5, inaunga mkono akalasia. Ya mama huyu ilikuwa 16, na dakika ya 5 ilikuwa bado 13.

Maswali ya wanachama

Mwanafunzi wa mwaka wa pili: Mwalimu, umio usipopanuka, naweza kusema si akalasia?

Hapana. Mapema umio unaweza kuwa na upana wa kawaida, na wengine picha zao haziko wazi kabisa. Ndiyo maana nimesisitiza hatua ya tatu. Ukikosa wimbi na lango linachelewa, liandike hilo hata kama mdomo haujachongoka vizuri. Kipimo cha shinikizo la umio ndicho kitakachoamua.

Afisa wa kliniki, Kayole: Daktari, kama kila kitu ni laini na sawasawa kama kwa huyo mama, bado mnamtuma endoskopi?

Kila mara. Saratani iliyo juu kabisa ya tumbo inaweza kulibana lango kwa nje, na picha ikafanana na akalasia. Kamera ipite hadi tumboni, kisha igeuzwe itazame lango kutoka chini. Ila usimpangie siku ileile, kwa kuwa bariamu iliyobaki itamfunika macho anayefanya kipimo.

Mpiga picha wa zamu ya usiku: Bariamu ikituishia, si tunaweza kutumia Gastrografini?

Kwa mgonjwa wa aina hii, usitumie. Umio wake umejaa na anaweza kupaliwa wakati wowote. Gastrografini ikiingia kwenye mapafu huvuta maji, na mapafu yanaweza kujaa. Hifadhi hiyo kwa anayeshukiwa umio umetoboka, na hata huyo awe hana hatari ya kupaliwa. Kwa huyu subiri bariamu ipatikane. Na akimaliza kipimo asilale chali. Mwache aketi wima, anywe maji kidogo kidogo, na mwambie usiku huo alaze kichwa juu ya mito.