Gunia kwenye picha: kutambua karanga zilizochacha kabla hujatuma hela

Siku hizi biashara ya karanga hapa Mwanza inaanzia kwenye simu. Dalali yuko ng'ambo, Sengerema au Geita, anakupigia picha mdomo wa gunia, anakurushia Watsapu na kuandika "mzigo mpya, safi, wahi". Wewe uko Igoma au Buhongwa na mashine yako ya kusaga, na hela ya mteja umeshapokea. Nauli ya kwenda kuangalia unaiona hasara. Basi unaikuza picha kwa vidole viwili, unaona karanga nyekundu zinang'aa, unatuma.

Nimekuwa nikiombwa na wasindikaji niwaangalizie picha za namna hiyo, na kanuni yangu imebaki moja. Picha inatosha kukataa mzigo, lakini haitoshi kuukubali. Kuchacha ni jambo la harufu na ladha kwanza, na simu haina pua. Hata hivyo karanga zilizochacha huacha alama nyingi kwenye ngozi, kwenye nyama na hata kwenye gunia, na alama hizo zinaonekana ukijua pa kutazama.

Tuanze na chanzo. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Mafuta hayo yakikutana na hewa, na joto na mwanga vikasaidia, yanaanza kuvunjika na kutoa ile harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyotumika mara nyingi, au ya rangi ya mlango ambayo haijakauka vizuri. Unyevu nao una njia yake ya kuyavunja. Karanga ikiwa nzima, ngozi yake haijachubuka, inajilinda kwa muda mrefu. Iliyo ndani ya ganda inajilinda zaidi. Iliyopasuka vipande viwili imeshafunguliwa mlango. Kwa hiyo ukipokea picha, kabla ya kuangalia rangi, angalia kwanza vipande. Vikiwa vingi, hata kama leo havijachacha, vitachacha mapema kuliko unavyodhani.

Nichukue mzigo mmoja niueleze ulivyokuwa. Mama mmoja anayetengeneza siagi ya karanga alitumiwa picha ya magunia matano mwezi Novemba. Neno "mpya" lilinishtua hata kabla sijatazama picha. Novemba huku kwetu mvua ndiyo kwanza inashika, watu wanapanda, na karanga inakaa shambani miezi mitatu hadi minne. Karanga ya Novemba ya huku Kanda ya Ziwa ni ya msimu uliopita. Hilo si kosa, zinaweza kuwa nzuri kabisa zikitunzwa vizuri, ila aliyeziita mpya ameshaanza kukuficha kitu.

Picha yenyewe ilipigwa usiku chini ya balbu ya njano. Mwanga huo hufanya kila karanga ionekane nyekundu na changa. Nikamwambia mama aombe picha nyingine: mchana, kivulini, si juani. Karanga zitolewe kwa bambo, ule mchuma wa kuchomea gunia, kutoka kitako cha gunia, maana mdomoni hupangwa zile za kuonyesha wageni. Ziwekwe juu ya karatasi nyeupe ya daftari. Karatasi hiyo ndiyo inayokwambia ukweli wa rangi: ikionekana ya njano kwenye picha, ujue na karanga zimepakwa unjano huohuo na taa au na simu. Kisha nikataka karanga tano zikatwe katikati kwa kisu zipigwe kwa karibu, na picha ya gunia lenyewe, nje, kuanzia kitako hadi mshono.

Dalali alinung'unika, ila alituma. Tukahesabu karanga mia moja kwenye karatasi. Kumi na saba zilikuwa nusunusu. Kumi na moja ngozi yake ilikuwa imegeuka kahawia iliyokolea, karibu na rangi ya kahawa, wakati wenzake ni wekundu hafifu. Ngozi ya karanga hukolea kadiri inavyozeeka, na hukolea haraka zaidi penye joto na mwanga. Hapa lazima uijue mbegu, kwa sababu zipo aina ambazo ngozi yake ni nyekundu iliyoiva tangu shambani. Usilinganishe karanga ya kijiji hiki na ya kijiji kile. Linganisha karanga na jirani yake humo humo kwenye picha. Mchanganyiko wa rangi mbili kwenye karanga za aina moja ndio unaokwambia kwamba mzigo wa zamani umechanganywa na wa karibuni, au kwamba baadhi zilikaa pabaya.

Zile tano zilizokatwa ndizo zilizonipa jibu. Nyama ya karanga isiyochacha ni nyeupe ya maziwa, kavu, haipitishi mwanga. Tatu zilikuwa hivyo. Mbili zilikuwa za njano, zenye sura ya kioo, kama kipande cha mshumaa kilicholowa mafuta, na katikati, pale nusu mbili zinapokutana, pana weusi wa kahawia. Hiyo ni karanga ambayo mafuta yake yameshatoka kwenye vyumba vyake na kutapakaa. Kati ya alama zote za kwenye picha, hii ndiyo ninayoiamini kuliko nyingine.

Gunia nalo lilisema yake. Kitakoni palikuwa na doa jeusi la mafuta ukubwa wa kiganja. Doa peke yake lisikutishe, kwa sababu viroba vyetu hutumika mara tatu nne, na huenda doa ni la mzigo wa zamani. Lakini mshono wa juu ulikuwa na matundu ya sindano mistari miwili: mstari wa uzi mweupe mpya, na pembeni matundu matupu ya mshono wa kwanza. Gunia lilikuwa limefunguliwa na kushonwa upya. Nyuma yake, kwenye picha hiyohiyo, yalionekana magunia mengine yamelazwa sakafuni bila chaga, yamegusa ukuta, chini ya bati lisilo na dari. Ukitumiwa picha, tazama na kilicho nyuma ya bidhaa. Stoo ya bati tupu kwa jua la Mwanza ni tanuri, na saruji hupandisha unyevu. Kama nyuma unaona dagaa, ondoka kabisa. Karanga na unga hunyonya harufu, na wateja wako hawatauliza kama ni kuchacha au ni soko la dagaa la Kirumba.

Karanga tatu katika zile mia zilikuwa zimesinyaa na zina vumbi la kijani kwenye kovu. Huo ni ukungu, na hapo hatukuwa tena kwenye mazungumzo ya ladha. Ukungu wa namna hiyo unaweza kuleta sumukuvu, sumu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Tena hayo ni mambo mawili tofauti: karanga inaweza kuchacha bila sumukuvu, na inaweza kuwa na sumukuvu huku ni tamu na inapendeza machoni. Picha safi haimaanishi haina sumu; hilo hupimwa maabara. Tulikataa mzigo. Dalali akasema atashusha bei, mama akasita, akaniuliza kama akizikaanga vizuri ile harufu haitaondoka. Haiondoki. Kukaanga huifunika siku mbili tatu, kisha inarudi na nguvu zaidi, maana karanga iliyokaangwa huchacha upesi kuliko mbichi. Na ukisaga, chache zilizochacha zinaharibu ladha ya ndoo nzima. Sumukuvu nayo haitoweki kwa kikaango cha nyumbani.

Wiki iliyofuata dalali yuleyule alituma picha za mzigo mwingine. Safari hii kila kitu kilikuwa sawa: mchana, karatasi nyeupe, ngozi rangi moja, vipande vichache, nyama nyeupe. Zilikuwa zimenona na zinang'aa. Mama alifurahi, mimi nikamwomba apande gari akaonje. Alitafuna kumi, moja baada ya nyingine, kila moja akisubiri kidogo baada ya kumeza, kwa sababu uchungu wa kuchacha hauji ulimini mara moja, huja nyuma, unakwaruza koo. Nne zilikwaruza. Na ule mng'ao? Zilikuwa zimenyunyiziwa maji ili zisivunjike wakati wa kubangua, jambo linalofanyika sana vijijini. Maji yanaijaza ngozi, karanga inapendeza kwenye picha, na ndani unyevu unapita ile asilimia 7 tunayoitaka kwa karanga zilizobanguliwa. Zilizokolea rangi na vipande waliviondoa kwa mkono kabla ya kupiga picha. Picha ilikuwa ya kweli, ila karanga zilikuwa zimeandaliwa kwa ajili yake.

Kwa unga, msaada wa picha ni mdogo kuliko hata hapo. Unga wa dona ukichacha haubadiliki rangi sana, kwa hiyo soma mfuko kuliko unga. Dona husagwa pamoja na kiini, na mafuta ya hindi yamo kwenye kiini. Sembe imekobolewa, kiini kimetoka, ndiyo maana inavumilia zaidi. Tafuta tarehe ya kusaga, si ya mwisho wa matumizi tu, ambayo mara nyingi imegongwa kwa mhuri bila hesabu. Dona iliyokaa miezi kwenye joto letu usiichukue kwa picha. Mabonge yaliyoshikana kwenye pembe za mfuko ni unyevu, na nyuzi nyembamba kama za buibui karibu na mshono ni nondo. Mfuko wa karatasi wenye mabaka yanayopitisha mwanga umelowa mafuta.

Ufuta hupoteza weupe na kuwa wa kijivu usio na uhai. Alizeti na mbegu za maboga zimejificha kwenye maganda, kwa hiyo omba kumi zilizomenywa zikatwe, utafute unjano uleule wa kioo. Na zile paketi angavu zinazoning'inia dirishani mwa duka, juani kutwa, hata zikiwa na alama ya TBS na tarehe nzuri, mimi sizinunui. Tarehe iliandikwa kwa kudhani zitakaa kivulini.

Jambo moja ufanye msimu ujao: siku unapobangua karanga zako au za mkulima unayemwamini, weka konzi moja juu ya karatasi ya daftari, kivulini, kata tano, piga picha, andika jina la mbegu na tarehe. Usihifadhi karanga zenyewe kama mfano, kwa sababu nazo zitazeeka koponi. Dalali akikutumia picha yake, fungua na yako uziweke sambamba.