Somo: Bug, Story, Task au Chore? Jinsi aina ya tiketi inavyobadilisha ripoti zako

Wakuu, nilipoanza kutumia Jira nilidhani aina ya tiketi ni rangi tu ya kupamba bodi. Nikaja kugundua kwamba tarehe tuliyomwahidi mteja ilitokana na hayo hayo machaguo niliyokuwa nikiyabofya bila kufikiri.

Nitatumia mfano mmoja. Tuna programu ya duka la mtandaoni. Mteja anaandika namba ya simu inayoanza na 07, programu inaikataa kwa sababu inataka 255. Tiketi hii ni ya aina gani?

Hatua ya 1: Uliza kama tuliahidi. Fungua tiketi ya zamani ya ukurasa wa malipo usome masharti ya kukubaliwa kwake. Kama yalisema 07 ipokelewe, basi ahadi imevunjika: hiyo ni Bug. Kama hakuna aliyewahi kuitaja 07, hiyo ni Story, hata mteja akipiga simu kwa hasira kiasi gani.

Hatua ya 2: Kama si ahadi iliyovunjika, uliza nani atafaidika. Mteja akipata kitu kipya mkononi, ni Story. Kazi yenye mwisho unaojulikana lakini mteja haioni, kwa mfano kuhamisha picha za bidhaa kwenda hifadhi mpya, ni Task. Usafi unaojirudia, kama kuhuisha cheti cha TLS au kupandisha toleo la maktaba, ni Chore. Mpaka kati ya Task na Chore ni mwembamba. Mkikubaliana kimoja na kukishika, inatosha.

Hatua ya 3: Amua aina ipi inapewa alama, yaani namba ya kukadiria ukubwa wa kazi. Hapa ndipo penye kazi. Tuseme katika sprinti ya wiki mbili tumemaliza Story tatu za alama 5, 3 na 8, pamoja na Bug tatu tulizozipa alama 2 kila moja. Velocity Chart, grafu ya kasi ya timu kwa kila sprinti, inajumlisha alama bila kujali aina, kwa hiyo itaonyesha 22. Bug zisingekuwa na alama, ingeonyesha 16.

Sasa mteja anauliza: Story zilizobaki zina alama 96, mtamaliza lini? Kwa kasi ya 22 unapata sprinti 5, yaani wiki 10. Kwa kasi ya 16 unapata sprinti 6, wiki 12. Jibu la pili ndilo la kuaminika, maana zile 96 ni Story tupu. Bug za miezi ijayo hazimo humo, kwa kuwa bado hazijazaliwa, lakini zitakula muda kama zilivyoula sprinti hii. Ukigawanya Story kwa kasi iliyochanganywa na Bug, umejipunguzia wiki mbili utakazozihitaji.

Ndiyo maana Pivotal Tracker, kabla haijafungwa Aprili 2025, haikuzipa Bug na Chore alama mpaka ubadilishe mpangilio mwenyewe. Kwenye Jira ya company-managed, sehemu ya Story Points huja ikiwa imewashwa kwa Story na Epic. Msiongeze Bug kwa mazoea tu.

Hatua ya 4: Kagua ripoti ya hitilafu. Andika hivi kwenye utafutaji wa Jira:

```
project = DUKA AND issuetype = Bug AND created >= -30d
```

Soma tiketi kumi za juu. Ukikuta nyingi zinasema "ingekuwa vizuri kama...", hizo ni Story zilizovaa nguo za Bug, na bosi anayetazama grafu ataamini ubora umeshuka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kwetu Chore haipo kwenye orodha.

Jibu: Haiji na Jira, msimamizi ndiye anayeiongeza. Asipotaka, tumia Task yenye lebo `chore`, halafu chuja kwa `labels = chore`.

Swali: Tukiziondolea Bug alama, kasi itaporomoka na meneja atatuona wavivu. Tufanyeje?

Jibu: Mwambie kabla hujabadilisha, na mwonyeshe hesabu ya 96 hapo juu. Usibadilishe katikati ya sprinti. Kisha subiri sprinti tatu kabla ya kutoa tarehe mpya, maana wastani wa zamani haufai tena.

Swali: Mjaribu kakuta kosa kwenye Story ambayo bado haijafungwa. Tufungue Bug?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Irudishe Story yenyewe, kazi haijaisha. Ukifungua Bug na kuifunga Story, umejipa alama za kitu kibovu.

Swali: Nikirekebisha aina ya tiketi za mwezi uliopita, ripoti ya mwezi ule itabaki ilivyokuwa?

Jibu: Haibaki. JQL, lugha ya utafutaji ya Jira, inasoma aina ya sasa, na `issuetype WAS Bug` haikubaliki, `WAS` inafanya kazi kwa sehemu chache tu kama `status` na `assignee`. Badiliko utaliona kwenye History ya tiketi moja moja. Kwa hiyo kama ripoti ilishatumwa kwa wakubwa, hifadhi nakala yake kwanza ndipo urekebishe.