Mkataba unaisha na kule unakohamia fundi hajamaliza

Usikae kimya ukidhani mwenye nyumba atajiongeza, maana siku zikipita anaweza kukudai kodi ya miezi mingine mitatu. Mtumie meseji wiki mbili kabla, na umpigie hesabu wewe mwenyewe. Mfano kodi ni laki tatu kwa mwezi, gawa kwa 30 unapata elfu kumi kwa siku, ukiomba siku 6 ni elfu sitini:

"Shikamoo mzee, mkataba unaisha tarehe 30, naomba nikae hadi tarehe 6, fundi kule hajamaliza tailizi. Nitakulipa 60,000 kabla ya tarehe 30, siyo mkataba mpya."

Ila muulize kwanza kama kuna mpangaji anaingia tarehe 1, na akikubali akujibu kwa meseji, usifute.