Jinsi ya kuandika upya tangazo la makato mapya ya akaunti

Matangazo mengi ya benki huanza hivi: "Kufuatia mapitio ya muundo wa tozo, ada ya uendeshaji wa akaunti itafanyiwa marekebisho." Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Tabora, anayelipwa kwa msimu, akimaliza kusoma hajui anakatwa shilingi ngapi.

Kabla ya kuandika, nenda kwa wanaosimamia mfumo wa benki uwaulize mambo matatu: ada inakatwa siku gani, salio linalomsamehe mteja linapimwaje, na akaunti ikiwa haina kitu ada inakwenda wapi. Majibu haya mara nyingi hayamo kwenye jedwali la ada ulilopewa.

Tuchukue mfano. Ada ya mwezi inatoka shilingi 1,000 kwenda 1,500 kuanzia 1 Septemba, na anayebakiza 50,000 hakatwi. Anza na kiasi cha zamani na kipya katika sentensi moja, VAT ikiwa ndani, maana mteja huona jumla iliyotoka. Kisha taja siku ya makato ya kwanza. Ukiandika "kuanzia 1 Septemba" tu, mtu atakagua salio tarehe 2, aone halijaguswa, adhani ameponea. Kumbe makato ni 30 Septemba.

Sharti la salio ndilo huzua ugomvi dirishani. Kama mfumo unasoma salio la kila siku, aliyeshuka hadi 49,000 kwa siku moja tu anakatwa, hata kama kesho yake ameweka laki tatu. Kama unapima wastani wa mwezi, huyo huyo anasalimika. Usiandike "dumisha salio la chini". Kama ni salio la kila siku, andika: "Usiache salio lishuke chini ya 50,000 siku yoyote ya mwezi."

Kwa Tabora, deni la ada lipewe aya yake. Akaunti ikikaa tupu kuanzia Septemba hadi Mei, na benki ikiwa inalimbikiza ada, malipo ya tumbaku yakiingia Juni zitaondoka 13,500 kwa mkupuo. Onyesha hesabu yenyewe: miezi 9 mara 1,500. Hapo hapo mweleze mteja kwamba asiyehitaji akaunti anaweza kuifunga, lini mwisho, na kama kufunga kuna ada.

Ujumbe wa simu unaobaki ndani ya herufi 160 uwe hivi:

"Kuanzia 1/9 ada ya mwezi Akaunti ya Akiba ni sh 1,500 badala ya 1,000. Makato ya kwanza 30/9. Hulipi ukiacha sh 50,000 au zaidi kila siku ya mwezi."

Mwisho, mpe wakala auonyeshe kwa wateja watano, kisha awaulize: utakatwa lini, kiasi gani, ufanye nini usikatwe? Mmoja akikosea, rekebisha sentensi iliyompoteza kabla tangazo halijapelekwa kwa wanasheria, kwa sababu likisharudi na mihuri hakuna atakayekubali kuligusa tena.