Somo: Ziba shingo kwanza, uso baadaye (kwa wanaoendesha pikipiki alfajiri)

Mwangaluka, wana Tabora. Mwezi wa sita na wa saba, hapa kwetu juu ya mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, alfajiri hushuka mpaka nyuzi 15 na siku nyingine chini kidogo ya hapo. Anayetembea kwa miguu anavaa sweta na yanaisha. Aliye juu ya pikipiki anataabika, kwa sababu joto la mwili hukaa katika utando mwembamba wa hewa vuguvugu juu ya ngozi, na upepo wa mwendo wa kilomita 50 kwa saa huupeperusha kila unapojijenga. Kitambaa hakitengenezi joto. Kazi yake ni kuishika hewa ile isiondoke.

Tumchukue dereva anayetoka Ng'ambo saa 11 alfajiri kupeleka abiria Usoke kwa barabara ya Urambo. Amevaa koti zito na helmeti, na bado akifika anatetemeka. Pale mjini hakusikia kitu. Baridi ilimkamata alipoteremka kwenye mbuga, maana hewa baridi ni nzito na usiku hushuka ikatuama mabondeni. Ukimtazama utaona kati ya kola ya koti na kidevu pana uwazi wa vidole vitatu. Upepo unaingia hapo, unateremka kifuani na kulijaza koti kama puto, na hewa yote vuguvugu iliyokuwa ndani inatoka kwa chini. Kifua kikipoa, mwili unapunguza damu inayokwenda mikononi, ndipo vidole vinakufa ganzi kwenye klachi. Anadhani shida yake ni glavu, kumbe ni shingo.

Hatua ya 1: chagua kitambaa. Mimi napendekeza kile cha mviringo kinachovaliwa kama kola ndefu isiyo na ncha. Fundi cherehani anakushonea kutoka mkono au kifua cha sweta laini la flisi la mtumba. Kwa kichwa cha kawaida cha mtu mzima, chenye mzunguko wa sentimita 57 hivi, mwambie akate mzunguko wa sentimita 54 ikiwa kitambaa kinavutika vizuri, na urefu wa sentimita 35. Ashone kwa zigizagi ili mshono uvutike, na mshono ukae kisogoni. Pamba ya fulana inafaa kwa safari fupi, lakini hunywa mvuke wa pumzi ikabaki mbichi, na kitambaa kibichi kwenye upepo kinakupoza badala ya kukukinga.

Hatua ya 2: vaa kwa mpangilio. Mviringo kwanza, uteremke mpaka ukutane na fulana. Koti lifuate, zipu ipande juu ya kitambaa ili pindo lake la chini libaki ndani. Ukiuacha juu ya koti, upepo utaupandisha na uwazi utarudi pale pale. Wanaovaa koti kinyume, mgongo mbele, wanaziba kifua vizuri sana, ila wakumbuke kwamba uwazi umehamia kisogoni. Nako kunahitaji kitambaa.

Hatua ya 3: vaa helmeti, kisha funga mkanda wake kitambaa kikiwa tayari mahali pake. Mkanda ulale karibu na kidevu, usipite juu ya furushi la skafu, kwa sababu furushi likibonyea mkanda unalegea. Uhakikishe hivi: shika helmeti kwa nyuma uisukume kuelekea mbele. Ikitoka kichwani, hapo hujafunga.

Hatua ya 4 ni uso, na hapa twende polepole. Pumzi yako ni ya moto na ina maji. Ukifunika pua, pumzi inakosa njia ya mbele, inapanda juu na kugonga kioo kilichopozwa na upepo, na kioo kinafanya ukungu. Ukungu huo huja ghafla zaidi unaposimama au kupunguza mwendo, yaani kwenye makutano, mahali unapohitaji macho kuliko kwingine. Basi kwa helmeti ya kioo, pandisha kitambaa kifunike kidevu na mdomo, pua ibaki wazi. Kioo kifungue kidogo, nafasi ya kwanza tu. Kwa ndani unaweza kupaka tone moja la sabuni ya maji, ulisambaze, kisha ufute kwa kitambaa kikavu mpaka kioo king'ae; likibaki bichi litakuwasha macho.

Kofia ya kuziba uso, ile tunayoiita ninja, ina joto zaidi kwa sababu inafunika masikio na mashavu pamoja. Iwe nyembamba, ya tabaka moja. Nene ya sufu inaibana helmeti mpaka kichwa kinauma, au inakulazimisha kununua helmeti kubwa ambayo mchana, bila kofia, itacheza kichwani. Kabla ya kuondoka geuza shingo kushoto na kulia. Kama tundu la macho linabaki nyuma na kukuziba pembeni, hutaiona gari inayokupita.

Skafu ya kawaida ina joto, lakini ncha zake ndizo hatari. Mwaka 1927, mjini Nice, Ufaransa, mchezaji dansi Isadora Duncan alikufa baada ya skafu yake kunaswa na gurudumu la gari alilopanda. Kwenye pikipiki spoku na mnyororo viko wazi na viko karibu zaidi. Kama huna kingine, ncha zote ziingie ndani ya koti na zipu ipande mpaka juu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Nzega: Kaka, wazee wanasema upepo wa kifuani unaleta nimonia. Nikiziba shingo nimepona?

Jibu: Nimonia inaletwa na vimelea, siyo upepo wenyewe. Ziba shingo ili usitetemeke na vidole vifanye kazi. Ukipata homa, kikohozi na maumivu ya kifua unapovuta pumzi, nenda hospitali, usiongeze koti.

Swali: Nina pumu, na hewa ya alfajiri inanibana. Nifunike pua?

Jibu: Kwa wengi wenye pumu hewa baridi na kavu ndiyo inayochokoza, na kitambaa chepesi huipasha moto na kuitia unyevu kabla haijafika kifuani. Tumia helmeti ya wazi isiyo na kioo, ili ukungu usikusumbue, na kitambaa kisibane. Macho yakitoa machozi, vaa miwani. Dawa yako ya kuvuta iwe mfukoni, usiifungie chini ya kiti.

Swali, dada wa Kigoma: Mimi ni abiria. Nikimkuta dereva ameziba uso wote saa 11 naogopa kupanda.

Jibu: Una haki, dada. Madereva, shusheni kitambaa, msalimie, mtaje bei uso ukiwa wazi, kisha mpandishe mkianza safari. Mkifika kituo cha mafuta fanyeni vivyo hivyo. Mviringo unashuka kwa kidole kimoja, ninja inadai uvue helmeti kwanza. Kwa anayebeba watu, hiyo inatosha kuuchagua mviringo.

Swali: Na mtandio wangu je?

Jibu: Ncha zikae mbele, uzikalie au uziingize ndani ya sweta. Kanga ya kujifunika baridi ipite chini ya mapaja, isining'inie upande wa mnyororo. Dereva ageuke aangalie kabla ya kuachia klachi.