Kabla ya kujumlisha mistatili: integrali ya namba kamili kubwa isiyozidi x

Kazi ya kutafuta integrali ya ⌊x⌋ ni kuzidisha na kujumlisha tu, na wanaoikosea mara nyingi huwa wamekwisha kukosea kabla ya kuandika jumla yenyewe. Tuchukue swali moja twende nalo: integrali ya ⌊x⌋ kutoka −1.5 hadi 2.7.

Anza na alama. Vitabu vingine huandika [x] kwa mabano ya mraba, kama alivyofanya Gauss mwaka 1808. Vingine huandika ⌊x⌋, mabano yaliyokatwa vichwa, aliyoyaleta Kenneth Iverson mwaka 1962. Maana ni moja: namba kamili kubwa kuliko zote ambayo haizidi x. Ukiona [x] kwenye swali, hakikisha kwamba si mabano ya kawaida ya kufungia hesabu, kwa sababu ukiyasoma hivyo utatafuta integrali ya x na jibu lako litakuwa 2.52, ambalo halihusiani na swali.

Jambo la pili ni upande wa hasi, na hapa ndipo penye kuhitaji utulivu. ⌊2.7⌋ ni 2, na wengi huzoea kusema kwamba desimali "inafutwa". Mazoea hayo yanaharibu ⌊−1.5⌋. Namba kamili zisizozidi −1.5 ni −2, −3, −4 na kuendelea, na kubwa kati ya hizo ni −2. Namba −1 haimo, maana iko juu ya −1.5. Kwenye mstari wa namba unateremka kushoto siku zote, uwe upande wa chanya au wa hasi. Anayehakiki kwa Python naye aangalie: `int(-1.5)` hutoa −1 kwa sababu hukata desimali kuelekea sifuri, ilhali `math.floor(-1.5)` hutoa −2, ndiyo tunayoitaka.

Sasa chora, hata kama mchoro ni wa haraka. Grafu ya ⌊x⌋ ni ngazi: kila kidato ni mstari uliolala, una nukta iliyojazwa mwanzoni na nukta tupu mwishoni. Kutoka 1 hadi karibu na 2 kidato kiko kwenye kimo cha 1, na x ikifika 2 grafu inaruka hadi kimo cha 2. Watu huuliza nukta hizo za kuruka zihesabiwe upande gani. Kwa integrali haidhuru. Nukta haina upana, na mstatili usio na upana una eneo la sifuri, hata kimo chake kiwe kipi. Mradi miruko ina idadi yenye mwisho, kama ilivyo hapa, integrali ipo na unaweza kukata pale pale kwenye miruko.

Orodhesha basi mahali pote pa kukata kabla ya kuzidisha chochote. Kati ya −1.5 na 2.7 namba kamili ni −1, 0, 1 na 2. Sehemu nne za kukata hutoa vipande vitano, na hesabu hiyo ya vipande iandike pembeni, maana kipande kinachosahaulika kwa kawaida ni cha kwanza au cha mwisho. Hivyo viwili havina upana wa 1. Cha kwanza, kutoka −1.5 hadi −1, kina upana wa 0.5. Cha mwisho, kutoka 2 hadi 2.7, kina upana wa 0.7. Ukijumlisha pana zote, 0.5 + 1 + 1 + 1 + 0.7, upate 4.2, ambayo ndiyo 2.7 − (−1.5). Isipofika 4.2, usiendelee.

Vimo kwa mpangilio huo ni −2, −1, 0, 1 na 2. Mistatili inatoa:

0.5 × (−2) = −1
1 × (−1) = −1
1 × 0 = 0
1 × 1 = 1
0.7 × 2 = 1.4

Jumla ni 0.4. Mistatili miwili ya kwanza iko chini ya mhimili wa x, kwa hiyo inaingia na alama ya kutoa. Swali likitaka eneo halisi lililozungukwa na ngazi na mhimili, hilo ni swali jingine, na jibu lake ni 1 + 1 + 0 + 1 + 1.4 = 4.4. Soma swali uone linataka lipi. Na aliyetumia kukata desimali kuelekea sifuri angepata vimo vya −1 na 0 upande wa hasi, na jumla ya 1.9. Jumla yake imepita jibu sahihi kwa 1.5, sawa kabisa na upana wa upande wote wa hasi, kwa kuwa kila kimo cha huko amekipandisha kwa 1.

Kuna mtego mwingine unaoonekana kama njia ya mkato. Mtu husema: ⌊x⌋ haibadiliki ndani ya kidato, kwa hiyo integrali yake ni x⌊x⌋, weka ncha mbili umalize. Akifanya hivyo anapata 2.7 × 2 − (−1.5)(−2) = 5.4 − 3 = 2.4. Ndani ya kidato kimoja hoja yake ni sahihi, lakini x⌊x⌋ nayo inaruka kwenye kila namba kamili. Ikifika n inaruka kwa n nzima, na miruko hiyo haitokani na eneo lolote. Kwa swali letu miruko ni −1, 0, 1 na 2, jumla 2. Toa 2 kwenye 2.4, unarudi kwenye 0.4.

Uwe pia na mpaka wa kukagulia jibu. Kwa kuwa ⌊x⌋ haizidi x na daima iko juu ya x − 1, jibu lazima liwe kati ya 2.52 − 4.2, yaani −1.68, na 2.52. Mpaka huu hauthibitishi 0.4, na hata 2.4 ya mtego ule imo ndani yake, ila ukipata 4 utajua mara moja kwamba umepotea.

Mwisho, tazama kilichomo ndani ya mabano, kwa sababu ndicho kinachoamua pa kukata. Kwa ⌊x²⌋ kutoka 0 hadi 2, miruko haiko kwenye x iliyo namba kamili tu; iko pale x² inapofika 1, 2 na 3, yaani kwenye 1, √2 na √3. Vimo ni 0, 1, 2 na 3, na jumla ni (√2 − 1) + 2(√3 − √2) + 3(2 − √3) = 5 − √2 − √3, karibu 1.85. Hapo ⌊x²⌋ ni 4 kwenye nukta moja tu, x = 2, kwa hiyo kimo cha 4 hakina mstatili. Aliyekata kwenye 1 peke yake, akachukua kimo cha 1 mpaka 2, atapata 1, na mpaka wa kukagulia hautamkamata, kwa sababu hapa unaanzia 0.67 na kuishia 2.67. Kitakachomwonyesha kosa ni kujaribu x = 1.5: mraba wake ni 2.25, na kimo cha pale ni 2.