Swali la bomba kwenye mtihani: lini utumie mwendelezo, lini nishati, na vizio uvibadilishe wapi

Ukikaa na wanafunzi wa stashahada ya uhandisi hapa Arusha wakipitia mitihani ya miaka iliyopita, swali moja halichelewi kuulizwa: "Ticha, hapa natumia mwendelezo au Bernuli?" Anayeuliza huwa tayari ameanza kuandika mlinganyo mmojawapo, halafu amekwama katikati. Mwongozo huu unafuata swali moja la bomba tangu kulisoma mpaka kulikagua. Nimelitunga mwenyewe kwa mtindo unaoonekana mara nyingi kwenye mitihani hiyo.

Maji yanapanda ndani ya bomba kutoka sehemu A kwenda sehemu B. Kipenyo cha bomba kwenye A ni milimita 150, lile mafundi wanaloliita la inchi sita. Kufika B limepungua hadi milimita 75, na B iko mita 4 juu ya A. Mtiririko ni mita za ujazo 1.8 kwa dakika. Geji ya presha kwenye A inasoma baa 2.5. Tafuta presha kwenye B, kwanza bila upotevu wowote, kisha ukiambiwa kuwa kimo kinachopotea njiani ni mita 1.2.

Hatua ya kwanza: soma swali, kalamu ikiwa mezani

Iangalie kwanza milinganyo yenyewe, ule wa nishati ukiwa ndio Bernuli ulioongezewa upotevu:

```
Mwendelezo:  Q = A1·V1 = A2·V2

Nishati:     p1/(ρg) + V1²/(2g) + z1 = p2/(ρg) + V2²/(2g) + z2 + hL
```

Kwenye mwendelezo hakuna presha wala mwinuko. Mlinganyo huo unajua mtiririko, eneo la mkato na kasi, basi. Kwenye nishati hakuna kipenyo. Unajua presha, kasi, mwinuko na kimo kinachopotea, `hL`, lakini hauna habari bomba ni la inchi sita au la inchi tatu. (Msuguano wa bomba hutegemea kipenyo, ila huo huja kupitia `hL`, na hukokotolewa pembeni.)

Tofauti hiyo ndiyo inayokuchagulia. Kama swali limetaja vipenyo, mtiririko na kasi tu, mwendelezo unatosha, na anayeingiza Bernuli anajiongezea kazi. Likitaja presha, mwinuko au kimo kinachopotea, nishati haikwepeki. Likitaja vipenyo na presha kwa pamoja, kama hili letu, yote miwili inahitajika, na mara nyingi mwendelezo hutangulia kwa sababu ndio unaoipa nishati zile kasi mbili. Ukiianza nishati hapa bila mwendelezo, utakuwa na visivyojulikana vitatu, yaani `V1`, `V2` na `p2`, ndani ya mlinganyo mmoja. Hapo ndipo wengi hukwama.

Hesabu visivyojulikana kabla ya kuandika. Vikizidi milinganyo uliyo nayo, kuna sentensi kwenye swali hujaitumia.

Hatua ya pili: badilisha vizio vyote kabla ya mlinganyo wowote

Chora mstari upande wa kushoto wa karatasi na uandike data zote hapo zikiwa katika mita, sekunde, kilo na paskali. Usibadilishe ukiwa katikati ya hesabu.

```
d1 = 150 mm      = 0.150 m
d2 = 75 mm       = 0.075 m
Q  = 1.8 m³/min  = 0.030 m³/s
p1 = 2.5 bar     = 250 000 Pa
ρ  = 1000 kg/m³,  g = 9.81 m/s²
z1 = 0,  z2 = 4 m
```

Watunga mitihani wanapenda dakika na baa kwa makusudi. Dakika hujifichua yenyewe: ukisahau kugawa kwa 60, kasi ya A inatoka karibu mita 102 kwa sekunde. Maji ya bomba la kawaida hutembea mita moja, mbili, tatu kwa sekunde, kwa hiyo jibu hilo linajikataa. Presha ndiyo yenye hila, nitaifikia baadaye kidogo.

Hatua ya tatu: mwendelezo

Eneo la mkato kwenye A ni π/4 × 0.150², yaani mita za mraba 0.01767. Gawa 0.030 kwa hilo, upate kasi ya mita 1.70 kwa sekunde. Kwa B hakuna haja ya kurudia yote. Kipenyo kimepungua nusu, eneo limekuwa robo, kwa hiyo kasi imekuwa mara nne: mita 6.79 kwa sekunde. Anayeona kipenyo nusu akaandika kasi mara mbili amesahau kuwa eneo linafuata mraba wa kipenyo, na kosa hilo huingia tena kwenye mraba wa kasi kule kwenye nishati, likakua zaidi.

Hatua ya nne: nishati, kila kipande kikiwa mita

Mlinganyo wa nishati nimeuandika kwa sura ya vimo kwa sababu moja: kila kipande chake ni mita, hivyo kuukagua ni rahisi. Kimo cha presha kwenye A ni 250 000 ÷ 9810, yaani mita 25.48. Kimo cha kasi kwenye A ni mita 0.15, na kwenye B ni mita 2.35. Mwinuko ni mita 4.

```
p2/(ρg) = 25.48 + 0.15 − 2.35 − 4 = 19.28 m
p2      = 19.28 × 9810 ≈ 189 000 Pa = 189 kPa
```

Sehemu ya pili inaongeza upotevu wa mita 1.2. Upotevu unakaa upande wa mbele, kule maji yanakokwenda, kwa hiyo unapunguza kimo cha B: 19.28 − 1.2 = 18.08, sawa na kilopaskali 177. Ukiuweka upande wa A kwa alama ya kujumlisha, presha ya B inapanda. Msuguano hauongezi presha kwa mtu yeyote, kwa hiyo jibu la pili likiwa kubwa kuliko la kwanza, geuza alama.

Kuna wanaopendelea kuandika mlinganyo huu kwa paskali, yaani `p + ½ρV² + ρgz`. Ni sahihi kabisa. Kosa ni kuchanganya sura mbili: presha imeachwa paskali, kasi imegawanywa kwa 2g ikawa mita, mwinuko ni mita, na vyote vinajumlishwa. Ukiona unajumlisha 250 000 na 0.15, simama.

Hatua ya tano: kagua, hasa ile presha

Sasa ile hila. Mwanafunzi anabadilisha baa 2.5 kuwa kilopaskali 250, hapo yuko sawa, kisha anaandika 250 ÷ 9810. Kimo cha presha kinatoka mita 0.025 badala ya 25.48. Anaendelea na hesabu vizuri kabisa na kupata kimo cha B kuwa mita −6.18, yaani kilopaskali −60.6. Ubaya wa jibu hili ni kwamba halichekeshi kama lile la mita 102 kwa sekunde. Presha ya geji inaweza kuwa hasi kweli, kwa mfano kwenye bomba la kufyonza la pampu au kilele cha saifoni, kwa hiyo mtu analiandika, anapiga mstari chini yake na kuhamia swali linalofuata.

Litazame vizuri. Katika jibu sahihi bila upotevu, presha inashuka kutoka 250 hadi 189, yaani inashuka karibu 60.9. Kati ya hizo, 39.2 zimekwenda kwenye kupanda mita 4 na 21.6 zimekwenda kwenye kuongeza kasi. Jibu la −60.6 ni mshuko huohuo tu, presha ya kuanzia ikiwa karibu imefutika kwa sababu iligawanywa kwa elfu moja bila kujua. Hivyo kabla ya kuandika mlinganyo, kadiria kwa kichwa: baa moja ni takriban mita 10 za maji. Baa 2.5 ni kama mita 25. Umepanda mita 4, ukatumia mita mbili na kitu kwenye kasi. Lazima ibaki karibu mita 19. Makadirio hayo hayachukui hata nusu dakika, na yanakamata kosa ambalo kikokotoo hakiwezi kulikamata.

Jambo lingine kuhusu presha, hasa kwa walioko mikoa hii ya juu. Swali la saifoni au la pampu hudai presha halisi, siyo ya geji, na wengi hujumlisha kilopaskali 101.3 kwa mazoea. Hiyo ni ya usawa wa bahari. Arusha iko karibu mita 1400 juu ya bahari na hewa yake inasukuma kwa takriban kilopaskali 86. Moshi iko chini zaidi, na yake ni kama 91 au 92. Kwa vimo vya maji, Arusha ni karibu mita 8.7 badala ya mita 10.3. Kwa hiyo pampu inayofyonza bila tatizo Tanga inaweza kufanya maji yachemke ndani ya bomba la kufyonza hapa, kwa urefu uleule. Mtihani ukikupa presha ya hewa, tumia uliyopewa hata kama siyo ya kwenu. Ukiwa maabara, soma baromita. Na katika mlinganyo mmoja, pande zote mbili ziwe za geji au zote ziwe halisi. Uso wa tanki lililo wazi ni sifuri kwa geji, na ni kosa la kawaida kuweka sifuri upande huo na presha halisi upande wa pili.

Pale mpangilio unapogeuka

Tanki lenye kipenyo cha mita 2 limetobolewa chini shimo la milimita 50, na maji yako mita 3 juu ya shimo. Hapa mwendelezo hauwezi kutangulia kwa sababu hakuna kasi wala mtiririko uliotajwa. Nishati ndiyo inayoanza: uso na shimo vyote viko wazi kwa hewa, presha zinafutana, na kasi ya kutoka ni mzizi wa 2 × 9.81 × 3, mita 7.67 kwa sekunde. Lakini umepuuza kasi ya uso wa maji, je, una haki? Mwendelezo ndio unaojibu. Uwiano wa maeneo ni 1600, kwa hiyo uso unashuka kwa milimita 4.8 tu kwa sekunde, na mraba wake hauonekani. Andika sentensi hiyo moja kwenye karatasi ya majibu. Kwenye bomba letu la A na B uwiano ulikuwa 4 tu, na kimo cha kasi cha A kilikuwa moja ya kumi na sita ya kile cha B, takriban asilimia 6. Pale hukuwa na haki ya kukiacha.

Na swali likikuuliza nguvu inayosukuma kona ya bomba, milinganyo hii miwili itakupa kasi na presha tu. Nguvu yenyewe inatoka kwenye mlinganyo wa momenti ya mwendo, kwa hiyo ukifika hapo usiendelee kuzungusha Bernuli ukitafuta nyutoni zisizokuwemo.